Kunde zibaki ndani, kuku wachanjwe, bwawa lisubiri zamu yake

"Shikamoo dokta. Mi ni katibu wa kikundi cha wakulima huku Muheza, tupo kaya thelathini hivi. Mkutano ujao nimepangiwa niongee kuhusu kupata protini ya kutosha kwa vitu vyetu wenyewe. Nimewaza niwaambie kila kaya ifuge kuku mia, tuchimbe mabwawa mbolea ya kuku iingie humohumo, na kunde tuziuze tununue nyama. Ila mwaka jana kabla ya vuli kuku walikufa karibu wote, na kuna mzee wetu ana bwawa samaki wake hawakui, wamebaki vidole tu. Nianzie wapi na niseme nini?"

Marahaba mwanangu. Anzia kwenye hizo kunde, maana hapo ndo pa kuigeuza hotuba yote. Nusu kilo ya kunde kavu ina protini kama gramu 115. Yai moja la kuku wa kienyeji, yale madogo tunayoyajua, lina gramu 5 hivi, kwa hiyo hiyo nusu kilo ni sawa na mayai zaidi ya ishirini. Kilo ya nyama ya ng'ombe isiyo na mfupa ina kama gramu 200, kilo ya kunde ina kama 230, sasa nenda sokoni Muheza uangalie inabidi uuze kilo ngapi za kunde ndo upate hiyo kilo moja ya nyama, na ya buchani inakuja na mfupa ndani yake. Ukiwaambia watu wauze kunde wanunue nyama unawapunguzia protini nyumbani, ingawa wataona wamepanda daraja. Mbaazi, choroko, maharage, hesabu ni hiyohiyo kwa kukaribiana.

Watu wengi wakisikia protini wanaona nyama, basi inabidi uwaoneshe hesabu ya siku nzima. Mtu mzima wa kilo sitini anahitaji kama gramu 50 kwa siku, mtoto wa miaka miwili kama gramu 13 tu. Mtu mzima akila dona ya gramu 300 kwa siku, yaani unga ukiwa mkavu, tayari ameshapata kama gramu 25 bila kugusa mboga. Lakini akila bada, yaani ugali wa muhogo, au mihogo ya kuchemsha ya kiasi kinacholingana, anapata 5 au 6 tu. Hiki ndo kitu ambacho nataka kikundi chako kikielewe kuliko vyote, kwa sababu huku kwetu mahindi yakiisha ndani watu wanahamia muhogo, tumbo linajaa vilevile, hakuna anayelala njaa, na wala hakuna anayestuka kwamba protini imeshuka mara nne au tano. Kwa hiyo miezi ya muhogo ndo miezi ambayo kunde inatakiwa iwe nyingi zaidi sufuriani, na bahati mbaya ndo miezi hiyohiyo ambayo nyingi zimeshauzwa au zimeshatobolewa na wadudu.

Kuna na sababu ya pili ya kuzichanganya. Protini imejengwa na vipande vidogo vinaitwa amino asidi, mwili unavitaka vyote kwa uwiano wake, kimoja kikipungua vingine vinashindwa kutumika kujenga mwili vizuri. Mahindi yana upungufu wa kipande kinaitwa laisini, na kunde na mbaazi zina laisini ya kutosha ila zinapungukiwa methionini, ambayo mahindi yanayo. Zikikutana zinazibana mapengo. Si lazima zikutane kwenye sahani moja, ilimradi ni siku hiyohiyo, asubuhi mtu akinywa chai na mbaazi za nazi na mchana akala ugali wa dona na mchicha, ameshamaliza. Kwa muhogo hilo halifanyi kazi vizuri kwa sababu muhogo hauna cha kuchangia, kwa hiyo siku ya bada ongeza kunde na weka kadagaa au yai kama lipo.

Sasa kuna jambo moja la jikoni ambalo lazima uliseme wazi, na wanaume wawepo wasikie. Mtoto mdogo tunampa ugali na mchuzi. Mchuzi wa kunde au wa samaki, ule wa juu, una chumvi, nazi, ladha nzuri, lakini protini imebaki kwenye kunde zenyewe na kwenye mnofu. Mtoto amemaliza bakuli lake, mama ameridhika, na kilichoingia ni kidogo sana. Kunde zake zipondwe, ukiweza zilowekwe usiku ili maganda yatoke kirahisi, zipikwe mpaka zilainike kabisa halafu zisongwe kwenye ugali wake au uji mzito. Mnofu wa samaki uchambuliwe miiba kwa vidole, si kwa macho, kisha uchanganywe humo. Tumbo la mtoto ni dogo, hawezi kula bakuli tatu ili afidie.

Na hapo ndo kuku na samaki wanapoingia. Mtu mzima anaweza akaenda vizuri sana na kunde na mahindi, ila mtoto wa kuanzia miezi sita mpaka miaka miwili, na mama mjamzito au anayenyonyesha, wanahitaji kidogo cha mnyama kwa sababu kuna vitu kunde hazina, kama vitamini B12, na kuna vingine kama zinki ambavyo kunde zinavyo ila mwili unavichukua kwa shida. Yai nusu au yai zima mara kadhaa kwa wiki linamfaa mtoto. Utakutana na watu watakaosema mtoto akila mayai atachelewa kusema, au mjamzito akila mtoto atakuwa mkubwa mno tumboni, waheshimu wanaosema hivyo, wengi ni mama zetu na walifundishwa hivyo, lakini usiyaache yapite. Sema taratibu kwamba hayana ukweli na kliniki wenyewe wanashauri mayai, na yaive vizuri, yasiwe ya majimaji.

Kunde tuzimalize kwa hesabu ya mwaka. Kaya ya watu sita ikipika nusu kilo ya kunde au mbaazi kwa siku, siku nne kwa wiki, inakula kama kilo 100 kwa mwaka, yaani gunia moja. Hicho ndo kipimo cha kuwapa watu, gunia moja la jamii ya kunde lisilouzwa. Nusu eka ya kunde iliyotunzwa inaweza kukaribia hapo, au mbaazi zilizochanganywa na mahindi au muhogo, mbaazi zina faida kwamba mizizi inaenda chini na zinavumilia jua mahindi yakishashindwa. Kwa vuli, mvua zikiwa fupi, mbegu za muda mfupi kama Vuli 1 ndo zinafaa. Kunde zinasumbuliwa sana na wadudu zikianza kutoa maua na maganda machanga, kwa hiyo mtu akikagua wiki hiyo kila siku mbili ameokoa mavuno, na kama amepuliza sumu asichume majani ya mboga mpaka siku zilizoandikwa kwenye chupa ziishe.

Shida kubwa iko baada ya kuvuna. Wale wadudu wanaotoboa kunde hawaji kutoka mbali, wanatoka nazo shambani, mayai yao yanakuwa yameshabandikwa juu ya ganda au punje, ndo maana unaweka gunia safi kabisa na baada ya miezi miwili unakuta vitundu na unga. Dawa ya uhakika na isiyo na sumu ni kuwanyima hewa. Kaushia kunde juani mpaka ukiuma punje inakatika kwa mlio, haibonyei, zipoe, halafu jaza kwenye dumu la lita ishirini lililosafishwa na kukauka, jaza mpaka shingoni kwa kulitikisatikisa hewa isibaki, funga kizibo kaba, kama kizibo kimelegea weka kipande cha nailoni chini yake. Wadudu waliomo wanamaliza oksijeni yao wenyewe wanakufa. Usilifungue mwezi wa kwanza, na ukianza kulila, limalize, usifungue madumu matatu kwa pamoja. Mifuko ya PICS inafanya kazi hiyohiyo kwa wingi zaidi. Ukiingia kwenye mkutano na dumu moja la kunde za msimu uliopita ukazimwaga mbele yao hazina hata tundu, utakuwa umeongea nusu ya hotuba.

Sasa kuku. Mia kwa kila kaya ndugu yangu hapana. Kuku watano sita wanajitafutia, wanakula mchwa, mabaki, mbegu za majani, uwanja wa nyumba unawatosha. Mia hawatoshelezwi na uwanja, hao ni wa kununuliwa chakula, kuku mkubwa anakula kama gramu 100 kwa siku, kwa mia hiyo ni kilo kumi kila siku ya Mungu, na humo ndani kuna mahindi na dagaa, yaani chakula cha watoto walewale unaotaka kuwasaidia. Anayetaka biashara afanye kama biashara na bajeti yake, hiyo ni mada nyingine. Kwa protini ya nyumbani, matetea watano na jogoo wanatosha kabisa kama hawafi, na ishu yote iko kwenye hilo neno, kama hawafi.

Kilichowamaliza kabla ya vuli, kwa jinsi ulivyoeleza, kinafanana sana na mdondo, wengine mnaita kideri. Huu ugonjwa unapenda kupiga kipindi cha ukavu kuelekea mvua za vuli. Ukikumbuka uliona kuku wamesinzia mabawa yameshuka, kinyesi cha kijani, wanapumua kwa kuvuta, na waliobaki siku za mwisho shingo imepinda au wanazunguka, basi ndo wenyewe. Unaweza kuondoka na karibu kuku wote wa kijiji ndani ya wiki mbili. Ni kirusi, kwa hiyo shubiri, pilipili na majivu kwenye maji havimtibu, na antibayotiki ya dukani haimtibu pia, watu wanapoteza pesa hapo. Na ile ya kusema kuku wa kienyeji ni wagumu hawaumwi, ugumu wao uko kwenye mambo mengine, mdondo unawaua tu.

Kuna chanjo, na ni nzuri kwa mazingira yetu. Inaitwa I-2, inatengenezwa hapahapa nchini, na uzuri wake inavumilia joto kuliko zile nyingine, kwa hiyo kijiji kisicho na friji kinaweza kuitumia, mradi isipigwe jua. Ni tone moja tu kwenye jicho moja, kwa kuku wa umri wowote, kifaranga na jogoo wote tone lilelile, na inarudiwa kila baada ya miezi mitatu. Kinachowashinda watu ni kwamba chupa moja ina dozi nyingi, mia au zaidi, na ikishachanganywa haikai, sasa mwenye kuku sita anaona afungue chupa ya kuku mia kwa sababu gani, anaacha. Hapa ndo kikundi chenu kina maana kubwa kuliko kitu kingine chochote mtakachofanya pamoja. Kaya thelathini zenye kuku sita sita ni kuku 180, hizo ni chupa mbili na kila mtu anachangia hela ndogo sana.

Weka tarehe nne za mwaka, mfano mwanzo wa Machi, Juni, Septemba na Disemba, ile ya Septemba isikosekane kwa vyovyote vile kwa sababu kinga inahitaji wiki mbili hivi kujijenga kabla ya kipindi kibaya. Chagueni watu wawili watatu, wanawake mkiweza maana kuku wengi wako mikononi mwao, wafundishwe na afisa mifugo wa kata mara ya kwanza. Siku ya chanjo kuku wasifunguliwe asubuhi, la sivyo mtakimbizana nao mpaka saa sita. Chanjo inachanganywa kwa kimiminiko chake au maji yaliyochemshwa jana yake yakapoa, yasiwe ya bomba yenye dawa, chupa inafungwa kwenye kitambaa kibichi. Mmoja anamshika kuku amlaze ubavu jicho liangalie juu, mwingine anadondosha tone na kusubiri mpaka kuku apepese na tone lienee, sekunde chache tu, ukimwachia haraka anatikisa kichwa tone linaruka na umemwandika amechanjwa kumbe bado.

Na waambie ukweli wote. Kuku akishaumwa chanjo haimponyi. Na hata waliochanjwa wanaweza kufa kwa ndui, minyoo, au typhoid ya kuku, chanjo hii ni ya mdondo peke yake, kwa hiyo mtu asije akaona kuku wawili wamekufa akatangaza chanjo ni feki. Ugonjwa ukiingia kijijini mizoga ichimbiwe, isitupwe kwa mbwa, na mtu asikimbilie kuuza wale waliobaki kwenda kijiji cha jirani, maana ndo jinsi unavyosafiri.

Vifo vya mdondo vikishapungua, yale mayai mnayoyaogopa kula mtaweza kuyala. Chukua kaya yenye matetea watano. Tetea wa kienyeji anataga kama mayai 13 kwa mzao, mara tatu kwa mwaka, kwa hiyo hapo kuna mayai kama 195. Wengi wanayaatamisha yote, yanatotoa labda 150, mwewe na nguchiro na mvua wanachukua zaidi ya nusu ndani ya miezi miwili, wakibaki hamsini mdondo unakuja kuwafagia. Mwaka umeisha hawajala yai wala kuku. Sasa fanya hivi, mzao mmoja kati ya mitatu ndo uatamishwe, hayo ni mayai 65, na waatamie kwa pamoja, yaani tetea wa kwanza akilalia mwachie mayai viza au ya kuchemsha huku unahifadhi mayai mazuri sehemu yenye ubaridi, upande butu juu, yasizidi siku kumi, wenzake wakishalalia ndo unawapa wote mayai mazuri usiku mmoja. Vifaranga wanatoka pamoja siku ya ishirini na moja, unawalea wote kwenye tenga moja au banda dogo wiki za mwanzo, usiku wana joto, mchana wana pumba na mchwa na maji safi, mwewe hawafikii. Wakitoka hamsini na kitu, kupoteza kumi na wachache kunavumilika, unabaki na kama arobaini ambao wanaingia kwenye chanjo inayofuata. Kuku umepata karibu walewale, na mayai 130 yamebaki ya kula, ambayo ni kama mawili matatu kila wiki mwaka mzima, na ukweli yanaweza kuzidi hapo kwa sababu tetea asiyelalia na asiyezurura na vifaranga anarudi kutaga mapema. Mayai hayo mawili matatu kwa watu sita hayamtoshi mtu, lakini kwa mtoto mmoja au wawili wadogo yanatosha kabisa, kwa hiyo semeni mapema ni ya nani. Na majogoo wakishakua wauzwe au wachinjwe, kumi wasibaki wanakula bure.

Bwawa ndo nimeliweka mwisho, na nikuombe na wewe uliweke mwisho. Bwawa la mita 10 kwa 15 likirutubishwa kwa samadi tu, bila chakula cha kununua, likienda vizuri linatoa kilo 20 mpaka 30 za perege kwa mwaka. Ni kama nusu kilo kwa wiki. Ni nzuri, mi naipenda, ila kuchimba mita za mraba 150 kwa jembe ni kazi ya watu wengi kwa siku nyingi, na protini ya mwaka mzima inayotoka humo inapatikana kwenye chini ya robo ya lile gunia la kunde. Mtu akijua hivyo kabla hajashika jembe hatakuja kulaumu kikundi.

Mzee wenu samaki wake sidhani kama wanaumwa. Perege jike anaanza kuzaa akiwa na miezi mitatu hivi, bado mdogo, anabeba mayai mdomoni mpaka yatotoke, kwa hiyo wengi wanapona, na baada ya wiki chache anarudia. Bwawa lililopandwa samaki 300 baada ya miezi sita linaweza kuwa na maelfu, chakula ni kilekile, basi wote wanadumaa. Akiongeza vifaranga wengine akidhani hawa ni mbegu mbaya anazidisha tatizo. Namna ya kujua ni hii, avue kidogo kwa wavu wa matundu madogo, akikuta samaki wa kidole wana kichwa kikubwa, macho makubwa na mwili mwembamba, na akimfungua mdomo mmoja wa hao akakuta mayai au vitoto, hao ni watu wazima waliodumaa. Wakiwa wamejazana hivyo hawatakua vizuri.

Wavuliwe wote, maji yatolewe mpaka tope la chini likauke na kupasuka, wiki mbili za jua, vidimbwi vyote vikaushwe maana vichache vikibaki vinaanza upya. Hao wadogo wasitupwe, wakaangwe au wakaushwe waliwe wazima na mifupa kama dagaa, kwa mtoto wasagwe. Halafu apande upya wawili kwa kila mita ya mraba, wasizidi watatu, na kama anaweza achukue vifaranga vya dume tupu kutoka kituo kinachoaminika. Vikikosekana, apande wa kawaida na miezi miwili mitatu baadaye aingize kambale wachache wadogo kuliko perege wake, watakula vile vitoto, kisha avune kidogokidogo kila wiki badala ya kusubiri mwaka.

Na ile ya banda la kuku juu ya bwawa, picha zake zimezunguka sana ila watu hawaoneshwi idadi ya kuku. Kinyesi hakiliwi moja kwa moja kwa sehemu kubwa, kinarutubisha maji, maji yanaota ule ukijani ambao ndo chakula cha perege. Bwawa la ukubwa huo linataka kama kilo 7 za samadi kavu ya kuku kwa wiki. Kuku wa kienyeji wanaozurura mchana wanakuachia bandani kile cha usiku tu, ukikausha ni kidogo sana, kwa makadirio yangu utahitaji karibu kuku mia ndo ifike. Kuku sita hawalishi bwawa. Kwa hiyo atumie na samadi ya mbuzi au ng'ombe na majani laini, vyote ndani ya uzio mdogo wa fito kwenye kona ya bwawa, si kumwaga katikati. Apime kwa mkono wake, auzamishe wima mpaka kiwiko, kiganja kikipotea machoni maji yakiwa kwenye kiwiko, ukijani ni sawa. Kikipotea mapema, yaani maji hayajafika hata nusu ya mkono, mbolea imezidi, na akiona alfajiri samaki wako juu wanapumua kwa midomo, oksijeni imeisha usiku, aache mbolea na aingize maji mapya siku hiyohiyo.

Anayetaka kuchimba jipya achimbe kwanza shimo la kufika kiunoni, alijaze maji jioni, asubuhi kama limeshuka alijaze tena, likishuka tena sana udongo haushiki maji na asiendelee. Sehemu nyingi za kichanga huku chini zitamkatalia hapo, na ni afadhali zimkatalie kwenye shimo dogo. Ukingo wa mto pia usiguswe ovyo, Sheria ya Mazingira ya 2004 inazuia shughuli ndani ya mita 60, na maji ya mto yana bodi yake ya bonde, waulizeni kwanza. Majani ya pembezoni yafyekwe kila mara kwa sababu ya konokono wa kichocho, na watoto wasiogelee humo.

Siku yenyewe usizidishe dakika ishirini. Usianze na gramu, waulize wanne watano walikula nini jana kutwa, uwaandike kwenye karatasi kubwa, kisha weka mezani nusu kilo ya kunde na pembeni yake mayai ishirini, waache wakisie kipi kina protini zaidi kabla hujawaambia. Ukishamaliza kunde nenda kwenye chanjo, na hapo usiishie kwenye kueleza, mkusanye mchango wa chupa na mpange tarehe kabla watu hawajanyanyuka, maana wakishatawanyika umewapoteza. Bwawa liongelee mwisho na umwombe mzee mwenyewe ruhusa mapema, nyumbani kwake, kama anaona sawa watu waende kuangalia samaki wake. Akikataa tumia mfano wa bwawa lisilo na jina.

Kuna mambo ambayo hotuba haiyawezi. Mtoto akiwa amekonda sana, au miguu imevimba ukibonyeza inabaki shimo, au nywele zimebadilika rangi na hataki kula, huyo hasubiri kunde wala mayai, apelekwe kituo cha afya siku hiyo, kulishwa kwa nguvu nyumbani kunaweza kumdhuru. Mtoto akivimba midomo au kubanwa kifua baada ya yai, hali kadhalika, na asipewe tena mpaka aonwe. Kuku wakianza kufa kwa wingi mpigieni afisa mifugo kabla ya kuchinja waliobaki, aje awaone wangali wagonjwa. Kwa bwawa muoneni afisa uvuvi wa wilaya akague eneo kabla ya jembe la kwanza, na kama mashaka ni ya udongo wa shamba la kunde, pale kituo cha utafiti wa kilimo Mlingano wana wataalamu wa udongo, si mbali na ninyi.

Ukishapata tarehe ya mkutano nenda ofisi ya mifugo wiki mbili kabla uulize chupa zao ni za dozi ngapi na bei gani kwa sasa, ili siku hiyo ukisema kila kaya itoe kiasi fulani kwa kila kuku, kiwe ni kiasi cha kweli.